Siku Kumi Badala ya Sita

Mpaka leo nikipita Masuguru nikakiona kile kisima, damu inanichemka. Nilikuwa napanga kazi kwenye karakana ya pampu za maji pale Manundu. Visima viwili viliharibika siku moja, kimoja Masuguru, kingine kule Mashewa. Kote watu hawakuwa na maji, kwa hiyo ilibidi kila fundi aende kwenye kisima chake. Mafundi walikuwa wawili tu, na posho yao ya siku ililingana.

Mzee fundi angemaliza Masuguru kwa siku mbili, Mashewa kwa tatu. Mwenzake, mama mmoja mgeni wa kazi, angetumia tatu Masuguru, lakini nane Mashewa. Nikamwambia bosi kwamba mzee aende Mashewa na mama Masuguru, tatu kwa tatu, jumla siku sita.

Bosi akaguna. “Masuguru kwa siku mbili, utapata wapi nafuu kama hiyo? Tena mzee ndiye mkubwa, apewe ya karibu. Tuwe na adabu.”

Mbili na nane ni kumi! Nilimwandikia kwenye karatasi. Akaigeuza, akaorodhesha spea nyuma yake, kisha akamtuma mzee Masuguru.

Siku ya saba mzee alikuwa amekaa karakanani hana kazi, na Mashewa bado wanachota maji ya bwawani. Nikamfuata nimefura. Hata shikamoo ilinitoka kwa shida. Nikamuuliza kwa nini aling'ang'ania Masuguru.

“Marahaba,” akasema. “Ning'ang'anie mimi? Mwanangu, kati yenu nani aliniuliza?”