Rangi Iliyonywewa na Lami

Nilipotoka Nyarugusu masikio yangu yalikuwa bado yanasikia makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, hata mahali palipokuwa kimya. Nikashuka Ushirombo kwa sababu tu gari liliishia hapo. Shule niliiacha mapema, lakini nilikuwa na ugonjwa wa kutaka kujua kila kinachofanywa na mikono ya watu. Ndiyo maana nilipomwona mama mmoja amepiga magoti mbele ya zahanati, anavuta uzi uliopakwa chokaa juu ya lami, nilisimama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Unatazama au unashika?"

Nikashika ncha ya uzi. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Zamani mama huyo alikuwa akiuza dengu mnadani, kabla ya kujifunza kupaka rangi nyumba. Kazi ya barabara hii ilikuwa yake ya kwanza: maegesho ya magari kumi na mawili mbele ya zahanati, na zebra ya kuvukia kwenda shule ya msingi iliyo ng'ambo. Shule ilikuwa inafunguliwa Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumamosi.

Mlinzi wa shule, mzee mwenye goti bovu, alikuja kutusalimu. "Mwangaluka," alisema kwa Kisukuma, kisha akaketi kwenye ukingo wa mtaro kana kwamba amekuja kwenye harusi. Kila asubuhi ndiye aliyeingia barabarani na fimbo kuzuia malori ya mchanga, ili watoto wavuke.

"Goti hili halikimbii tena," alimwambia mama. "Muhula uliopita lori lilinigusa koti. Kwa hiyo Jumatatu nataka kuona hizo nyeupe."

"Utaziona, mzee."

"Zote?"

"Zote."

Mama alinifundisha hesabu akiwa anachora kwa chokaa. Magari kumi na mawili hayahitaji mistari kumi na miwili, maana lazima uwepo na wa kufungia mwisho. Ni kumi na mitatu. Kila mmoja mita tano, upana sentimita kumi: mita sita na nusu za mraba. Zebra ni mistari saba, upana nusu mita, urefu mita tatu, nafasi ya nusu mita kati yake, mpaka barabara ya mita saba ijae na kubaki kipande cha robo mita kila upande. Hiyo ni mita kumi na nusu za mraba. Jumla kumi na saba. Kwa mikono miwili ya rangi, yaani kupaka mara mbili, thelathini na nne. Kopo liliandikwa kwamba lita moja inafunika mita nne kwa mkono mmoja, kwa hiyo lita nane na nusu. Muuza duka, Mhindi mzee aliyezaliwa hapohapo na anayetania kwa Kisukuma vizuri kuliko mimi, alikuwa na galoni tatu tu za rangi ya barabara, za lita nne nne. Mzigo mwingine ulikuwa njiani kutoka Mwanza, ungefika katikati ya wiki.

"Zitabaki lita tatu na nusu," nilisema, nikijisikia kama profesa.

Mama akatazama ile mistari ya chokaa, myembamba juu ya lami pana, na uso wake ukawa wa mnadani. "Sentimita kumi ni ubahili," alisema. "Mtu ukimpimia, unamwekea nyongeza. Fanya kumi na tano."

Nilipiga hesabu tena. Hata kwa nyongeza hiyo kopo lilisema lita kumi na kidogo. Tukapaka maegesho, mikono yote miwili. Mchana ule nilikuwa kama nimelala macho wazi. Harufu ya rangi, joto likipanda toka chini na kufanya zahanati ielee, brashi ikienda na kurudi. Mistari ilikuwa minene na mizuri, na nilihisi kwamba tunalaza mabomba ya mwanga chini ili yasitoroke. Lami ya pale ni ya kokoto zilizomwagwa juu ya lami ya moto, ina vishimo vingi kama mkate wa mchele. Ilikuwa inakunywa. Tuliiona ikinywa, tukafurahi, kama unavyofurahi kumwona mgeni akila.

Jumapili, kengele za misheni zilipokuwa zinaita, mama alifungua makopo kuanza zebra. Ilibaki galoni moja nzima. Nyingine ilikuwa na lita moja na nusu. Akakaa chini.

Tulikuwa tumetumia lita sita na nusu. Lita moja haikufunika mita nne, ilifunika tatu. Tungebaki na upana wa kumi, rangi ingetosha hata kwa lami ile yenye kiu. Na lami ingekuwa laini kama kopo linavyodhani, nyongeza isingetuumiza. Viwili kwa pamoja vilitumaliza. Zebra ilitaka lita saba, nasi tulikuwa na tano na nusu.

"Tuongeze thina, rangi iwe nyepesi ienee," nilisema.

"Ili mvua ya kwanza iondoke nayo?"

"Basi tupunguze mstari mmoja."

Mlinzi alicheka bila furaha. "Wewe hujawahi kuwa mtoto? Mtoto anaruka kutoka nyeupe kwenda nyeupe. Ukimkatia njia katikati atasimama, afikirie. Lori halifikirii."

Nikaona jambo hilo kabisa: mtoto mdogo mwenye soksi nyeupe, amesimama pale penye weusi kama kwenye ukingo wa maji.

"Tufupishe urefu?" nilijaribu.

"Dereva aione kutoka mbali kwa kitu gani, kwa imani?" Mama hakunitazama. Alikuwa anatazama lami. Jua lilikuwa bado liko chini, na katika mwanga ule barabara ilionyesha njia nne zinazong'aa, mbili za kwenda na mbili za kurudi, pale matairi yalipozilaza kokoto kwa miaka.

"Mzee," alisema polepole, "gari linakanyaga wapi?"

"Hapo panapong'aa. Pembeni wanaogopa mtaro, katikati wanaogopana."

Akapima. Njia zile ziliangukia mstari wa pili, wa tatu, wa tano na wa sita. Mkono wa kwanza kwa mistari yote saba ungekula lita tatu na nusu. Zingebaki mbili kwa mkono wa pili, za kufunika mita sita. Mstari mmoja ni mita moja na nusu.

"Minne," nilisema, na sauti yangu ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Minne ndiyo inayokanyagwa. Mitatu itangoja Mwanza."

Tukaziba nusu ya barabara kwa matawi, kisha nusu nyingine. Brashi ya mwisho ilikwangua sakafu ya kopo.

Jumatatu asubuhi ukungu ulikuwa bado umekalia mtaro. Mistari mitatu ilikuwa hafifu, kama maziwa yaliyotiwa maji; minne ilikuwa nyeupe mpaka macho yanauma. Watoto walikuja wakasimama ukingoni, wakaanza kuruka. Lori la mchanga likatokea, likapunguza mwendo, likasimama kabla ya mstari. Dereva akatoa kichwa.

"Mzee! Leo fimbo iko wapi?"

"Nimeilaza hapo chini, huioni? Tulia wapite!"

Mlinzi hakuinuka kwenye ukingo wa mtaro. Goti lake lilikuwa limenyooka mbele yake, na alikuwa akiwahesabu watoto kwa midomo, bila sauti.