Chumvi Haina Mabawa

Tikuram Suthar alitengeneza vipoza hewa mjini Bikaner, kwenye jangwa la India, kwa miaka thelathini na moja. Sanduku la mbao, feni, kuta tatu za nyasi zenye harufu nzuri, na pampu ndogo ya kuzilowesha. Mtaani kwetu ukisikia mtu anakoroma mchana wa Mei, ujue amelala mbele ya kazi ya Tikuram. Nimekunywa chai karakanani kwake miaka mingi, na sikumjua kuwa na ubaya na mtu, mpaka Girdhari aliporudi.

Girdhari alijifunza useremala kwake. Baadaye akaenda Jaipur kusomea mambo ya kupoza hewa, akarudi na miwani na pikipiki. Hilo Tikuram angelimeza. Lililomkwama kooni ni nyumba ya vitabu.

Wajaini wa mtaa wa pili, watu wa dini isiyoua hata mdudu, wana nyumba ya mawe ambamo wametunza maandiko ya mababu zao, mengine ya karatasi, mengine ya majani ya mtende. Kipoza hewa cha Tikuram kilikaa humo miaka kumi na minne. Kisha kurasa mbili zikaota ukungu. Hewa ya kipoza kile hupita kwenye nyasi mbichi, hivyo huingia chumbani na maji yake. Mtu hufurahi, kitabu huoza. Sohanraj Bothra, mwenyekiti wa kamati, ambaye wote tulimwita Sethji, yaani bwana tajiri, akaagiza kitolewe. Kikarudishwa kwa mkokoteni mchana kweupe, watu wakiangalia.

Na aliyeitwa kutafuta dawa alikuwa nani? Girdhari.

"Amepewa kiti," Tikuram alimwambia mkewe, Kesar. "Mimi miaka kumi na nne nimekaa benchi la kuvulia viatu. Yeye siku ya kwanza, kiti! Chenye mikono!"

"Kwani mgongo wako ulikuwa unauma?" Kesar akauliza, akigeuza mkate wa mtama.

"Sethji anamwita Girdhari-ji. 'Ji' ya heshima!"

"Basi nami nitakuita Tikuram-ji. Tikuram-ji, kalete kuni."

Mashine ya Girdhari ilikuwa na njia mbili za hewa zilizotenganishwa na kuta nyembamba. Njia moja hulowanishwa, hewa yake ikapoa kwa kukausha maji, kisha ikatupwa nje na mvuke wake. Njia ya pili ni kavu. Hewa yake hugusa ukuta uliopozwa, ikaingia kwa vitabu bila tone la ziada. Mei iliyopita alipanda darini na vipimajoto viwili, kimoja kimefungwa kitambaa kibichi. Kikavu kilisoma arobaini na tatu, kibichi ishirini na mbili. Akaandika kwamba mashine ingepata theluthi mbili ya tofauti ile, ikitoa hewa ya nyuzi ishirini na tisa. Siku za mvua, kibichi kinapokaribia kikavu, izimwe na madirisha yafungwe.

Tikuram alitaka kucheka, akashindwa. Hesabu ilikuwa sawa. Alikwenda mwenyewe Mei ileile na kipimajoto cha kuazima, akifunga kitambaa kwa siri kama mtu anayefunga hirizi. Ikatoka vilevile.

Alifurahi moyoni alipofika kwenye hesabu ya maji. Kwa kuwa bomba la pale lilikuwa limekauka na maji yaliletwa kwa lori kutoka kisimani, kamati ilitaka fundi mwingine ayakague, na kwa ajabu ya Mungu wakamtuma yeye. Karatasi ilisema lita mia tatu kwa siku. Kamati ilikuwa tayari kutoa mia nne.

"Amesahau!" Tikuram akaniambia, macho yakimng'aa vibaya. "Hizo mia tatu ni zinazopaa tu. Maji yanapaa, chumvi inabaki. Chumvi haina mabawa! Maji ya kisima cha hapa, ukiyaacha yazunguke, wiki moja tu kuta zake zinakuwa nyeupe kama meno. Lazima umwage. Kwa maji haya, lita ikipaa moja unamwaga moja."

"Kwa hiyo mia sita," nikasema.

"Mia sita! Na mimi ndiye niliyemfundisha kumwaga. Kila jioni. Nilimpiga kofi kwa hilo."

Mkutano wa kamati ulikuwa mwezi wa Phagun, kabla ya joto kuanza, mchana. Girdhari alisoma karatasi yake. Tikuram akasimama, akaweka mezani ubao aliouchomoa kwenye kipoza kile kilichorudishwa, umeganda chumvi unene wa kidole.

"Girdhari-ji," alisema, akilivuta lile "ji" kama ute wa bamia, "chumvi ya kwako utaiweka wapi?"

Girdhari akaangalia ubao. Masikio yakamwiva.

"Nilijua, Guruji, mwalimu wangu," akasema polepole. "Sikuandika. Hapa maji yanachujwa kwa kitambaa ili mdudu asiumie, na aliyenaswa anarudishwa kisimani. Ningesemaje kwamba nusu nitaimwaga? Nilidhani mashine ikishafanya kazi, watakubali."

"Yaani ungetudanganya kwa ubaridi," Sohanraj akasema. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. "Mia sita hatuna. Basi. Tufunge jambo hili."

Hapo ndipo Tikuram angeketi. Ushindi ulikuwa umejaa kiganjani. Lakini alimwona Girdhari akiinua macho kwenye dari, kisha akayashusha taratibu mpaka uani, kwenye kifuniko cha mawe. Chini yake kulikuwa na birika la kukusanyia maji ya mvua, lililoachwa tangu bomba lilipofika. Zamani Tikuram ndiye aliyekuwa akilisafisha kila mwaka. Akaona midomo ya Girdhari ikianza kufunguka.

Aliniambia baadaye kwamba angevumilia vitabu vioze, angevumilia Sethji akasirike, ila si yule mtu aliseme jambo lile kabla yake.

"Birika!" Tikuram akapiga kelele, hata mzee mmoja akamwaga chai. "Maji ya mvua, Sethji! Hayana chumvi. Unayazungusha hadi uchafu wake ukolee mara tano ndipo unamwaga. Zikipaa mia tatu, unamwaga sabini na tano tu. Mia tatu sabini na tano!"

"Na litatosha?"

"Linachukua lita elfu arobaini na tano. Nimelipima kwa ndoo zangu. Siku mia moja za joto zinataka elfu thelathini na saba na mia tano. Dari linalokinga mvua lioshwe kabla ya mvua ya kwanza, basi."

Girdhari alikuwa anaandika haraka. "Na yanayomwagwa hayana madhara," akaongeza, "yanaweza kuoshea ua."

"Nilikuwa nasema hivyo!" Tikuram akamkemea, ingawa hakuwa anasema hivyo.

Sohanraj akacheka kwa mara ya kwanza. Kamati ikakubali. Karatasi mpya iandikwe kwa majina mawili, na birika liwe chini ya Tikuram. Akaletewa kiti. Tikuram alikitazama, akakizunguka, akakaa.

Nilimkuta jioni karakanani akiisoma nakala ya karatasi kwa kidole, neno kwa neno.

"Wamelitanguliza jina la Girdhari," akasema.

"Ni kwa sababu G inatangulia T," nikamwambia.

"Nani alisema mambo ya herufi? Birika ni la nani?" Akaikunja karatasi, akaikunjua tena. "Na kiti chake kilikuwa na mikono. Changu hakikuwa nayo. Uliona?"

Niliona. Kesar naye, aliyekuwa mlangoni na chai, akasema kwamba kesho Tikuram ajichongee mikono miwili aipeleke mwenyewe kwa Wajaini. Tikuram hakucheka. Alichukua rula, akaanza kupima ubao.