Alhamdulillah Si Sifuri

Siku maswali yalipodai kwamba huenda nina sonona, nilikuwa nacheka mpaka machozi. Tulikuwa kwenye mafunzo mtaa wa Rohero, katika ukumbi wenye feni inayolia, sisi tulioajiriwa kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu hali ya mioyo yao. Mwanasaikolojia aliyetufundisha, mama wa hospitali tuliyemwita Madamu, alitaka tuulizane wenyewe kwanza. Mimi niliangukia kwa mwalimu mmoja wa shule ya msingi, Mkristo kutoka mitaa ya kaskazini, mtu wa taratibu asiyebonyeza kitu kwenye tableti kabla ya kukitazama mara mbili.

Maswali ni tisa. Katika majuma mawili yaliyopita, umesumbuliwa kiasi gani na kukosa hamu ya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, chakula, na kuendelea hadi lile la mwisho, la kuona heri ufe. Kila swali lina majibu manne, kuanzia "hata kidogo", ambalo ni sifuri, hadi "karibu kila siku", ambalo ni tatu. Ukifika kumi, umenaswa. Mimi nilikuwa na mtoto anayeota meno. Usingizi? Karibu kila siku nakosa. Uchovu? Usiniulize. Chakula nakula nimesimama, nikikumbuka. Akili kutulia? Akili gani? Nikapita kumi, na mwalimu wa watu akanisogezea chupa yake ya maji.

"Pole sana, dada," akasema kwa sauti ya msibani, nami nikazidi kucheka.

Madamu akaja kukaa nami pembeni. Hakunirudisha kwenye maswali tisa, aliniuliza siku hizi nafurahia nini. Nikaanza na mtoto, nikaja kwenye ndagala za kukaanga, nikaingia umbea wa jirani zangu, akanikatiza mwenyewe akicheka.

"Hili ni chujio," akawaambia wote. "Linanasa wengi ili lisikose wachache. Aliyenaswa anaitwa aongee na mutu anayejua, bado hajawa mugonjwa. Huyu amekosa usingizi, hajakosa furaha. Mukihesabu wote waliofika kumi na kusema hao ndio wagonjwa wa mutaa, mutakuwa mumedanganya."

Nilirudi mtaani kwetu Buyenzi nimejaa hadithi hiyo, nikamsimulia dada yangu mkubwa. Alitabasamu tu. Zamani angenicheka wiki nzima. Yeye ni mshonaji, tunaishi ua mmoja, na tangu baada ya Idi cherehani yake ilikuwa imefunikwa kitenge. Alisema wateja wamepungua. Sote tukaamini, kwa sababu kila kitu mjini kilikuwa kimepungua.

Kazi ilianza kwa majaribio, na Buyenzi ikawa kati ya mitaa ya mwanzo. Mimi nilipelekwa kwingine, maana hairuhusiwi kuuliza watu wako. Jioni dada akaniambia mwenzangu, yule mwalimu, amepita kwake.

"Mutu wa adabu," akasema. "Alikuwa anabonyeza palepale pa juu, maswali yote."

"Ulimujibu nini?"

"Alhamdulillah."

"Kwa swali gani?"

"Kwa yote."

Nikaweka sahani chini. Pa juu ni "hata kidogo". Pa juu ni sifuri. Na mimi nimezaliwa mtaa huu, najua Alhamdulillah ni kitu gani. Fundi wa gereji aliyebanwa kidole na jeki anaisema. Mfiwa anaisema mlangoni, maiti bado iko ndani. Ni heshima kwa Mungu na kwa aliyeuliza, ni mlango tu. Mtu wako wa karibu husubiri kidogo, ndipo unamwambia yaliyobaki.

Nikatazama kile kitenge juu ya cherehani, nikaona si wateja waliopungua. Nikamwambia twende kwa Madamu.

"Kufanya nini? Mi niko muzima. Hata mashine yenu imesema."

Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Kwa mpango wetu, Madamu angeongea na wote waliofika kumi, na wachache wa chini ya kumi waliotolewa kwa kura, bila yeye kujua nani alipata ngapi, ili ionekane kama maswali yananasa watu sahihi. Kura haikumwangukia dada, la sivyo mwalimu angemwambia palepale. Sifuri ilikuwa imemfungia mlango, na funguo tulizitengeneza wenyewe.

Asubuhi mafuta ya magari hayakuwapo mjini, nikaenda Rohero kwa miguu, nikizungumza peke yangu njia nzima. Nilimkuta mwalimu akinywa chai, nikamvaa hapohapo mbele ya Madamu.

"Yule mama wa cherehani hakukwambia yuko vizuri. Alimushukuru Mungu."

"Lakini ni jibu," akasema bila kukasirika. "Hata kwetu ukimuuliza mutu habari, akasema Imana ishimwe, Mungu asifiwe, unajua..." Akashusha kikombe. "Hata kwetu tunaisema kwenye matanga," akamalizia polepole.

Wallahi, nilitaka kumkumbatia. Madamu alikuwa ameshasimama. Akauliza nani mwingine alibonyeza sifuri kwa Alhamdulillah, na mikono ya wote waliofanya kazi Buyenzi ikapanda.

"Basi tumekuwa tukipima adabu," akasema, akacheka, akajishika kichwa.

Asubuhi ile sitaisahau. Wote tulisema kwa pamoja, chai ikapoa. Mmoja akataka tuwakataze watu kuisema, nikamwambia jaribu uone utakavyofukuzwa. Tukakubaliana: mtu akisema Alhamdulillah, itikia, ngoja, kisha msomee majibu yote manne taratibu mpaka achague mwenyewe. Tukajaribu sisi kwa sisi, na mwalimu ndiye aliyeweza kuliko wote kungoja. Nyumba zile zikapangwa kuulizwa upya, kabla ya kulinganisha chochote na mazungumzo ya Madamu.

Kwa dada alienda mwenzetu mwanamke. Mimi nilikatazwa kukanyaga uani, nikasimama kwenye duka la vipuri la jirani, nikijifanya natafuta plagi. Mwenzangu alipotoka kuja mlangoni alikuwa na simu sikioni, na nikajua. Swali la tisa, lile la heri ufe, lina sheria yake: likijibiwa kitu chochote zaidi ya sifuri, hungoji jumla, unampigia Madamu hapohapo na humwachi mtu peke yake.

Madamu alikaa naye mpaka adhana ya alasiri. Kisha dada akaruhusu niitwe.

"Maswali yameniita tu," Madamu akaniambia. "Anayesema sasa ni mimi, baada ya kuongea naye. Huyu ni mugonjwa, na ugonjwa wake unatibika. Tunaanza leo, na usiku huu asilale peke yake."

Nililia, na ndani ya kilio nilikuwa na furaha kubwa kiasi kwamba nilimkumbatia dada kwa nguvu mpaka akanisukuma.

"Mbona hukusema?" nikamuuliza.

"Nilisema Alhamdulillah, mukaenda zenu."

Matibabu yalienda polepole, na Madamu alikuwa ametuonya hivyo. Kila asubuhi nilimuuliza dada amelalaje. Alhamdulillah, alikuwa akisema, nami nakaa palepale nangoja, na yaliyobaki yanakuja: ameamka alfajiri na hofu, au kifua kizito, au amelala kidogo. Mengine yalikuwa mazito, nikayapeleka kwa Madamu.

Kisha asubuhi moja nikasikia cherehani kabla sijafungua mlango. Nikatoka na mtoto mgongoni, nikamuuliza kama kawaida.

"Alhamdulillah."

Nikangoja. Akakata uzi kwa meno, akaniangalia nilivyokodoa macho.

"Apana, we nawe," akasema. "Leo ni hiyo tu."