Mapacha Waliochagua

Nilikuwa darasa la tatu mama alipojifungua mapacha, nyumbani Mandawa. Kulwa, pacha wa kwanza, alilala kimya tangu saa ile. Doto, wa pili, alilia mpaka asubuhi, akamuuma mama siku alipoota meno, na bibi yetu akatoa hukumu kwa Kimwera ambayo kwa Kiswahili ingekuwa: huyu ana roho mbaya. Hakusema kwa chuki. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya mbuzi.

Hukumu hiyo ikakaa. Chungu kikivunjika, doto. Kuku asipoonekana, doto. Mara nyingi ilikuwa kweli, na hilo ndilo lililofanya jambo liwe gumu. Alipokua alijifunza kuitumia. Akigombezwa alikuwa anajibu, bila hasira, kwamba yeye kazaliwa hivyo na hakujiumba.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa nafundisha sekondari Nachingwea. Chuoni nilikuwa nimesoma dini za kale, na kati ya yote niliyosoma, zilizonikaa ni nyimbo za nabii mmoja wa Uajemi, kongwe kuliko maandiko mengine yote ya watu wake. Zinasema mwanzoni zilikuwako roho mbili, pacha, moja bora na moja mbaya, katika kuwaza, kunena na kutenda. Likizo za shule nilikwenda nyumbani, na jioni nilikuwa nasimulia nilichosoma, kwa kuwa redio yetu ilikuwa imekufa. Ndugu zangu hawa hadithi ya mapacha waliipenda, kwa sababu zilizo wazi.

Mwaka mmoja, mwezi wa kumi, mikorosho ikiwa na maua, doto alichoma takataka za shamba letu la ufuta. Jirani yetu upande ule alikuwa mama mjane, mtu ambaye wazazi wake walivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji. Watu wa nyumbani kwetu walikuwa wamegombana naye juu ya mpaka wa mashamba. Moto ukavuka. Uliunguza mikorosho yake ya mbele yote, na nyasi alizokuwa amekata kwa ajili ya kuezekea.

Nilifika wiki hiyohiyo. Baba alikuwa ameshasema ni bahati mbaya, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshakubali, na mjane alikuwa amenyamaza. Nyumbani kila mtu alijua kwamba haikuwa bahati mbaya, wala hakuna aliyelizungumza. Mama alisema tu, "Ndiyo roho yake," akaendelea kupepeta.

Siku ya pili yake tulikaa barazani, mimi na pacha wote wawili, tunabangua korosho. Doto ndiye aliyeanza. Aliniambia anakumbuka habari za wale mapacha wangu wa Uajemi, na kwamba yeye anajijua ni yupi. "Mmoja kaumbwa mwema, mwingine kaumbwa mbaya. Hata vitabu vyako vinasema, dada."

Nikamwambia havisemi hivyo.

Nilimweleza kadiri nilivyoweza. Kwanza, neno tunalolitafsiri "roho" limetoka katika neno la kuwaza. Si roho kama tunavyosema mtu ana roho mbaya, kitu ulichopewa tumboni. Ni namna ya kuwaza, nia iliyo hai. Pili, wimbo hausemi kwamba yule mwovu aliumbwa mwovu. Unasema alichagua. Wote wawili walichagua: mmoja alichagua kutenda yaliyo mabaya kabisa, na yule mwema, aliyevaa mbingu ngumu kama jiwe, alichagua ukweli, ule mpango ulio sawa wa dunia. Walipokutana ndipo walipoweka uzima na kutokuwa na uzima. Ubaya wa yule mmoja ni uchaguzi wake. Hakuna pengine panapotajwa ulikotoka.

Akaniuliza kama si Mungu aliyemuumba mwovu.

Nikasema watu wamebishana hapo. Miaka mingi baadaye waumini wa dini hiyo walimweka Mungu mwenyewe upande mmoja na adui yake upande wa pili, kama maadui wawili wanaotazamana, na wengine wakasema wote wawili ni watoto wa Wakati. Lakini katika nyimbo zenyewe Bwana Mwenye Hekima, ndivyo zinavyomwita Mungu, yuko juu ya mgogoro huo, naye anaitwa baba wa roho njema. Baba wa yule mwingine hatajwi waziwazi. Kama ni pacha, wapo wanaosema baba ni mmoja, na kilichowatenganisha ni kuchagua tu.

"Kama sisi," alisema kulwa.

Doto alibangua korosho kadhaa. Halafu akauliza swali ambalo wanafunzi wangu hawakuwahi kuniuliza: kwa nini sasa yule mwovu achague vibaya, na alikuwa anaona?

Nilikiri kwamba wimbo haujibu kuhusu yule pacha. Unajibu kuhusu miungu ya zamani, ile ambayo watu waliiabudu kabla. Hiyo nayo ilichagua vibaya, na sababu inatajwa: ilikuwa bado inashauriana pale udanganyifu ulipoijia. Ikachagua wazo baya kuliko yote, kisha ikakimbilia hasira, na kwa hasira ikaiuguza dunia ya wanadamu.

Mikono yake ilikuwa myeusi kwa mafuta ya maganda.

"Mimi nilishauriana na upepo," alisema. "Nilikaa pale na kiberiti nikausubiri ugeuke."

Kulwa hakushtuka. Alisema atakwenda yeye kwa mjane kuomba radhi, kwa kuwa yeye husikilizwa. Ilikuwa kweli pia. Tangu utotoni alikuwa akienda kuomba radhi kwa makosa ya mwenzake, na watu walimsifu kwa hilo.

Doto aliniuliza kama wimbo unaruhusu mwenzake aende badala yake. Nikamwambia wimbo unawaita watu wasikie kwa masikio yao na watazame kwa akili iliyo safi, kisha wachague, mtu mmoja mmoja, kila mtu kwa nafsi yake.

Akanawa kwa majivu, akaenda peke yake.

Aliporudi alisema amemweleza mjane habari ya kiberiti na ya upepo. Mjane hakumtukana. Alimwambia mikorosho mingine huenda ikachipua na mingine haitachipua, na kwamba nyasi anazitaka kabla ya mvua. Doto alikata nyasi. Baba alikasirika mno, kwa kuwa neno lake mbele ya mwenyekiti lilikuwa sasa limegeuka uongo, na kwa muda mrefu hakula pamoja na mwanawe.

Mama alianza kuwaambia watu kwamba mtoto amebadilika roho. Sikukubaliana naye. Msimu uliofuata doto alimwahidi mjane kumsaidia palizi, asiende; msimu wa baada ya huo akaenda. Mjane hakumkaribisha ndani hata mara moja. Nyimbo zile, ninavyozielewa, hazisemi kwamba ukishachagua umemaliza. Zinagawa uchaguzi sawasawa: wazo, neno, tendo, na yote matatu huanza upya kila kunapokucha.

Niliyekuwa simfikirii ni kulwa. Miaka ya elfu mbili alihamia Ruangwa mjini, akawa anashona nguo dukani kwa mtu. Nilimtembelea, akanitengenezea chai, akaniambia jambo lililomsumbua tangu siku ile barazani. Alisema kila mtu alimwita mwema kabla hajafanya lolote, naye akafuata. Hajui kama aliwahi kuchagua.

Nilimuuliza sasa anafanyaje.

"Nimeanza kukataa mambo madogo," alisema. "Nione kama yale ninayoyakubali ni yangu."

Mteja aliingia na suruali, akataka ipunguzwe siku hiyohiyo. Kulwa akaitazama, akamwambia arudi kesho.