Nilivyosoma Ukurasa wa Wajukuu

Wasomaji, stashahada yangu niliipata Ujerumani, na nyumba hii ya Kasense nimeijenga kwa jasho langu. Lakini wajukuu wetu walioko huko Ujerumani wakipiga simu ya video, swali lao ni moja tu: "Bibi yuko wapi?"

Mke wangu huwasomea kitabu cha lugha mbili, nao wanacho kama hicho. Kushoto Kiswahili, kulia Kijerumani. Yeye husoma ukurasa wa kushoto taratibu. Wao wakikwama huchungulia wa kulia, kisha humjibu kwa Kiswahili. Wivu ukanichoma.

Jumapili baada ya misa nikawaita majirani, na wajukuu walipopiga nikamnyang'anya mke wangu simu na kitabu.

"Leo mtasikia Kijerumani cha msomi!"

Nikasoma ukurasa wa kulia kwa mbwembwe zote. Wajukuu wakanikodolea macho. Nikajua nimewateka.

"Mzee, umewamaliza!" jirani akashangilia.

Ndipo mdogo wao, ambaye sikuwahi kumsikia akimaliza sentensi ya Kiswahili, akasema waziwazi mbele ya wote:

"Shikamoo Babu. Huo ukurasa ni wetu. Wako ni ule wa Bibi. Kama hujui kuusoma, Bibi atakufundisha."