Nyota za Marehemu

Rula alikuwa mchoraji wa ramani za nyumba, na hodari kweli. Jina hilo alipewa nyumbani, maana hata kitambaa cha meza kikikaa upande hakimpiti. Lakini kwa miaka saba wateja wake wote walimjua kwa jina la kaka yake. Msicheke. Siku wanajiandikisha kwenye soko la kazi za mtandaoni, mwenye pasi ya kusafiria alikuwa kaka peke yake. Akasema, "Weka jina langu tu, dada. Wao wanataka ramani, hawatafuti mchumba."

Basi picha ya kaka, jina la kaka, jasho la Rula. Kila ramani ina kisanduku pembeni chini, cha kuandikia jina la mchoraji. Mara mia mbili na kumi na nne Rula aliandika humo jina la kaka, kwa mkono wake mwenyewe.

Kaka akafa kwa moyo, ghafla. Miezi miwili baadaye soko likataka mwenye akaunti ajitokeze mbele ya kamera, ageuze uso kushoto na kulia. Rula akaandika: amefariki, mimi ni dada yake, naomba niendelee. Wakampa pole, wakaifunga. Akaunti hairithiwi, nyota za sifa walizotoa wateja hazihamishwi. Miaka saba ikaenda na maji.

Wifi yake, mjane wa kaka, akavuta kiti mezani. Riziki ya nyumba ile nzima ilitoka kwenye kompyuta ya Rula. "Haya wifi, kulia tumelia. Yako masoko mengine mawili. Lipi?"

"Hili linakata asilimia tatu tu," Rula alisema. "Lakini halishiki pesa ya mteja. Unachora, unatuma, halafu unamwachia Mungu. Na asiyelipa bado anaruhusiwa kukupa nyota moja."

"Mwizi na bado akusute! Na lile?"

"Linakata ishirini."

"Ishirini! Hao ni mchwa?"

"Sikiliza. Mteja anaweka pesa sokoni kabla sijashika kalamu. Akikaa kimya wiki mbili baada ya kazi, pesa inakuja kwangu. Tathmini yangu na yake hazionekani mpaka wote tuwe tumeandika, kwa hiyo hawezi kulipiza kisasi. Wateja ni watu wa maana, na wezi hawakai, wanafukuzwa."

"Basi rahisi huwa ghali. Twende kwa wakali," wifi alisema.

Sasa Rula naye alikuwa na pasi; akajiandikisha kwa jina lake mwenyewe, uso wake mwenyewe. Alipogeuza shingo mbele ya kamera alitabasamu, wifi akamtania kwamba kapendeza kuliko bibi harusi. Ikabaki sehemu ya kuonyesha kazi za nyuma. Rula akasita.

"Unaogopa nini?" wifi alisema. "Si kazi zako? Futa jina la marehemu, andika lako. Mwenyewe angefurahi."

Akachagua ramani kumi, bora kuliko zote. Akafuta, akaandika. Mara ya kwanza kuona jina lake ndani ya kile kisanduku, aliguswa mpaka akaona haya.

Siku tisa zilipita. Siku ya kumi ikaja barua. Mteja mmoja wa zamani, mtu mwema, aliyempa kaka nyota tano na maneno matamu, alikuwa amehamia soko hilo pia. Ameiona nyumba yake mwenyewe, ngazi ile ile, dirisha lile lile la jikoni, na jina geni pembeni. Akatoa taarifa ya wizi, na akaambatanisha ramani ya asili. Alikuwa anamtetea fundi wake.

Rula alituma mafaili yote na tarehe zake. Soko likajibu kwamba mafaili yote yana jina la kaka, na katika nakala alizoweka yeye, jina hilo limefutwa. Kama ana ruhusa, mwenye michoro athibitishe kwa maandishi ndani ya siku saba.

"Basi tumpigie," wifi alisema, akacheka, na kicheko kikageuka kilio. "Mimi ndiye niliyekuponza, wifi yangu."

"Niliandika mwenyewe," Rula alisema. "Mara zote."

Siku saba zikaisha. Soko la wakali likamfungia, na uso wake likauweka kwenye orodha, asiweze kurudi hata kwa jina jingine.

Likabaki lile la asilimia tatu. Hakuna aliyemuuliza yeye ni nani wala amechora nini. Kabla ya saa sita mchana mteja alikuwa ameshamwandikia: nyumba ya vyumba vinne, aanze leo, malipo wataongea akiona kazi. Mteja huyo hakuwa na nyota hata moja, wala picha ya uso. Rula alijua wazi kwamba halipwi.

Alichora siku tatu. Ngazi, milango, dirisha la jikoni linalotazama mashariki. Alipofika kwenye kisanduku cha pembeni, alikiacha kitupu, akatuma.