Afya Mikononi mwa Nani?

Shangazi alishona mapazia, na mdomo wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Kwa hiyo siku mpwa wake alipochumbia binti wa Kituruki, na wazazi wa binti wakawaalika chakula cha jioni, hofu yake haikuwa mavazi. Alikuwa hajawahi kula kwa watu akaondoka kimya.

Alimpigia simu mchumba, ambaye Kiswahili anakiongea kama maji.

"Mwanangu, nikishashiba nimwambieje mama yako?"

"Sema tu *teşekkür ederim*, shangazi. Asante."

"Asante hata dukani nasema. Nipe ya kwenye chakula."

"Basi sema *elinize sağlık*. Yaani, afya iwe mikononi mwako. Anaambiwa aliyepika. Hiyo *g* yenye kofia usiitamke, vuta *a* tu: saa-lik."

Shangazi akavuta *a* wiki nzima juu ya cherehani. Ile *i* ya mwisho, isiyo na nukta, ilimshinda kabisa. Wateja wakadhani jino linamuuma.

Jioni yenyewe mama mwenye nyumba alipakua mwenyewe. Kila sahani iliposifiwa aliinamisha kichwa kwa haya, mkono kifuani. Mumewe, mzee wa maneno machache, alikaa pembeni akichezea kitambaa cha mezani. Chakula kilikuwa kitamu mno.

Shangazi akaweka uma chini, akamgeukia mama, akakohoa.

"*Elinize saaalik!*"

Mama akatabasamu, akafungua mdomo ajibu. Lakini jibu likatokea pembeni, lenyewe tu, kama mtu anayeitikia hodi:

"*Afiyet olsun.*"

Mzee akajishika mdomo. Amechelewa.

"Kasemaje?" Shangazi akauliza. "Nimesikia afya."

"Ni neno lilelile la kwenu," mchumba akasema, akijikaza asicheke. "Iwe afya kwenu. Huwa anajibu... aliyepika."

Macho yote yakahamia kwa mzee. Masikio yake yalikuwa mekundu. Mpwa akazama kwenye glasi ya maji.

"Basi hongera, baba!" Shangazi akasema kwa furaha, bila kuona shimo analochimba. "Mkono wako una baraka!"

Mchumba akasita, kisha akatafsiri. Mzee akachanua kama kijana. Mkewe akakusanya sahani kwa kelele, akasema jambo moja fupi.

"Mama anasema mrudi Jumapili," mchumba akanong'ona. "Atapika yeye."

Jumapili wakarudi. Wali ulikuwa umeshika chini, nyama ngumu kama soli ya kiatu. Mzee alikula akitazama ukuta. Shangazi alitafuna mpaka taya likachoka, kisha akasema maneno yake, na safari hii aliyasema kwa moyo wote, kama dua. Mikono ile kweli ilihitaji afya.

"*Afiyet olsun!*" mama akajibu kabla Shangazi hajamaliza, akamwongezea nyama.